Tumbo Linapokua Kuliko Miezi: Fahamuni Mimba ya Zabibu



Mwezi huu tunajifunza juu ya jambo ambalo halitokei mara kwa mara. Hata hivyo, likitokea huzua hofu na lawama nyumbani. Linaitwa mimba ya zabibu. Someni pamoja, mume na mke, kwa sababu mara nyingi mume ndiye atakayeamua kama nauli ya kwenda hospitali itatolewa leo au wiki ijayo.

Tuchukue mfano. Mume ana kibanda cha kuuza viatu katikati ya jiji la Nairobi, na mkewe anakaa nyumbani Kawangware. Mama ana mimba ya majuma 11. Kutapika kwake si kule kwa asubuhi tu, kwani hata maji hayakai tumboni, na amekonda. Lakini tumbo lake limefika usawa wa kitovu. Majirani wanafurahi na kusema, "Ni mapacha." Kisha anaanza kutokwa na damu ya rangi ya kahawia, kidogo kidogo, siku ya tatu sasa. Katika zahanati moja anapewa dawa ya kuzuia kutapika na kuambiwa apumzike.

Hapo ndipo hatari ilipo. Katika majuma 12 mji wa mimba huwa ndio kwanza unachomoza juu ya mfupa wa kinena. Huufikia usawa wa kitovu karibu na majuma 20. Kwa hiyo mama huyu, akiwa na majuma 11, ana tumbo la miezi mitano. Huenda alikosea tarehe, au ni mapacha kweli. Lakini tumbo kubwa, kutapika kupita kiasi na damu vikikutana kwa mama mmoja, lazima apigwe picha ya ultrasaundi bila kukawia.

Ni kitu gani hasa?

Kwa kawaida mtoto hupokea nusu ya urithi wake kutoka kwa mama na nusu kutoka kwa baba. Katika mimba ya zabibu iliyo kamili, yai la mama halina urithi wake. Mbegu ya baba huingia katika yai hilo tupu na kujirudufu yenyewe, au mara nyingine mbegu mbili huingia pamoja. Hapo hakuna mtoto anayeumbika. Kinachokua ni kondo la nyuma peke yake, nalo hugeuka malengelenge yaliyojaa maji, kama kishada cha zabibu.

Kondo hilo hutoa homoni ya mimba kwa wingi mno, na homoni hiyo ndiyo huchangia kutapika kule. Wingi wa malengelenge, pamoja na damu inayokusanyika ndani, ndio hukuza tumbo. Wakati mwingine presha hupanda kabla ya mwezi wa tano, au moyo huenda mbio na mikono kutetemeka. Baadhi ya akina mama hutokwa na vipande kama zabibu ndogo. Vikitoka, vitieni katika chombo safi mkampelekee daktari. Msivitupe.

Jueni pia kwamba si kila mama huonyesha dalili zote. Wengine tumbo lao ni la kawaida, au hata dogo. Siku hizi wengi hugunduliwa mapema kwa picha, kabla tumbo halijakua.

Basi, mume asimshuku mke, wala mama mkwe asitafute mchawi. Hutokea zaidi kwa walio na umri chini ya miaka 20 na waliopita 40, lakini hakuna aliyeileta kwa kosa lake.

Hospitalini

Turudi kwa wenzetu wa Kawangware. Siku ya nne mume anafunga kibanda na kumpeleka mkewe kupigwa picha mjini. Picha haionyeshi mtoto wala moyo, ila vitundu vingi kama theluji inayoanguka. Kipimo cha damu cha homoni, ambacho kwenye fomu huandikwa hCG, ni 240,000. Wanatumwa Hospitali ya Taifa ya Kenyatta.

Huko mama huongezewa maji na kupimwa presha, tezi ya shingo na kundi la damu. Kifua hupigwa picha. Damu ya kuongezewa huwekwa tayari, kwa sababu anaweza kutokwa na nyingi ghafla. Kisha mji wa mimba husafishwa kwa kifaa cha kufyonza. Vidonge vya kuusukuma mji wa mimba havishauriwi hapa, kwa kuwa vinaweza kuzidisha damu. Ombeni kilichotolewa kipelekwe maabara, nanyi mfuatilie majibu.

Je, huku si kutoa mimba?

Swali hili huwasumbua Wakatoliki wengi, hata wengine hukimbia hospitali. Katika mimba ya zabibu iliyo kamili hakuna mtoto, hivyo hakuna uhai wa mtoto unaokatishwa. Ni tiba ya kumwokoa mama. Lakini iko mimba ya zabibu isiyo kamili, ambayo mtoto alianza kuumbika akiwa na urithi uliozidi, naye mara nyingi huwa amekwisha kufa. Mara chache sana huwapo pacha mzima kando ya zabibu. Picha ikionyesha moyo unaopiga, ombeni daktari bingwa aitazame tena, kisha zungumzeni naye na padre wenu kabla ya kuamua.

Kazi haijaisha

Kosa kubwa hutokea baada ya kurudi nyumbani. Damu imekatika, mama anakula vizuri, na nauli ni ngumu, basi hawarudi tena. Kumbe katika mimba iliyo kamili, kati ya wanawake 100, kama 15 hadi 20 hubakiwa na chembe zinazoendelea kukua. Chembe hizo zaweza kugeuka kansa na kufika mapafuni. Dalili yaweza kuwa damu inayorudi, au kukohoa damu, lakini kipimo huonyesha mapema zaidi.

Kwa hiyo homoni hupimwa kila juma au kila majuma mawili mpaka ishuke hadi kawaida, kisha kila mwezi, kwa kawaida miezi sita. Mama wa mfano wetu alishuka kutoka 240,000 hadi 9,000, kisha 600, kisha 70, na juma la nane ikawa chini ya 5. Hivyo ndivyo inavyotakiwa. Ikikaa palepale majuma matatu, au ikipanda, daktari huanza dawa, mara nyingi methotreksati. Ikigunduliwa mapema, karibu wote hupona, na wengi huzaa tena.

Katika muda huo msitafute mimba nyingine, maana mimba mpya huipandisha homoni na kuificha hatari. Wanaofuata njia ya Billings wajue kwamba yai hupevuka kabla ya hedhi ya kwanza kurudi, na dalili za ute huwa bado zimevurugika. Ni salama kujizuia kwanza, kisha mwoneni mwalimu wenu wa njia hiyo. Mimba ijayo ipigwe picha mapema. Hatari ya kurudi kwa zabibu ni kama mmoja kati ya 100.

Mzungumze nyumbani

1. Mama akitokwa na damu leo usiku, tutampeleka wapi, na nauli iko wapi?
2. Je, tunajua kundi la damu la mama?
3. Nani atatunza kadi na kukumbuka tarehe za vipimo? Baba, kazi hii yakufaa wewe.