Kliniki ya meno na ramani ya mtaa

Mtu anayeumwa jino usiku hasubiri tangazo la gazeti. Hushika simu, huandika "daktari wa meno karibu", na Google humwonyesha ramani yenye majina machache juu, mara nyingi matatu. Kliniki isiyokuwamo humpoteza mteja huyo bila hata kujua kwamba alikuwa anatafuta.

Chukua mfano wa daktari mwenye kiti kimoja Sinza, Dar es Salaam, ambaye kodi ya pango inamsubiri kila mwezi huku kiti kikikaa kitupu mchana. Akijitafuta akiwa kliniki, anajiona wa kwanza na kuridhika. Kipimo hicho ni kibovu. Kwa maelezo ya Google yenyewe, majina ya karibu hupangwa kwa mambo matatu: biashara kulingana na kinachotafutwa, umbali, na umaarufu. Aliyekaa juu ya alama yake mwenyewe hana umbali wowote. Heri amwombe ndugu aliyeko Mwenge na mwingine aliyeko Ubungo watafute kwa simu zao, kila wiki siku na saa ile ile, naye aandike nafasi anayoipata.

Kazi yenyewe huanzia kwenye Google Business Profile, ambayo ni bure. Aina kuu ya biashara iwe "Dentist" au "Dental clinic"; akichagua "Medical clinic" anashindana na zahanati zote za mtaa. Kisha alama ya ramani. Nyumba nyingi hazijulikani kwa namba, na alama ikiangukia barabara ya nyuma, mgonjwa hufika kwa fundi cherehani. Isogezwe kwa mkono hadi mlangoni. Saa za kazi nazo ziandikwe zote, kwani kliniki inayofanya kazi Jumamosi bila kuandika hivyo huonekana imefungwa.

Wengi huharibu kwenye jina. Kibao kinasema hivi, lakini kwenye ramani yanaongezwa maneno "bei nafuu Sinza Mwenge Ubungo". Hilo ni kinyume cha kanuni, na ukurasa unaweza kusimamishwa wakati ambapo simu zimeanza kuingia.

Umaarufu hutokana kwa sehemu na maoni na nyota za wagonjwa. Kila aliyetibiwa aombwe mara moja, kwa ujumbe wa WhatsApp wenye kiungo, bila kupewa punguzo, maana Google inakataza kununua maoni. Anayelalamika ajibiwe kwa upole, wala lisitajwe jino alilotibiwa; hiyo ni siri yake.

Baada ya miezi miwili daftari litasema. Ikiwa Mwenge amepanda kutoka nafasi ya tisa hadi ya nne, na Ubungo hajasogea, tatizo la Ubungo huenda ni umbali tu, na umbali haurekebishwi kwa kuhariri ukurasa. Huko atahitaji tangazo la kulipia, au aachane nako na kuhesabu wagonjwa wapya wa Sinza na Mwenge.