Ukipakua kozi yote usiku mmoja, pesa yako hairudi

Mlandizi watu wengi tunaosoma kwa simu tunategemea bando la usiku. Mtu analipia kozi usiku wa manane, anaweka simu kwenye chaji, anaacha video zote zipakuliwe mpaka alfajiri, kisha anazitazama taratibu bila kugusa bando la mchana. Ni njia nzuri ya kubana matumizi, lakini ndiyo inayotupokonya haki ya kurudishiwa pesa. Nimewasaidia watu kadhaa kudai, na sababu ya kunyimwa huwa haibadiliki sana.

Binamu yangu ni fundi simu. Alilipa dola 49 kwa kozi ya kutengeneza ubao wa simu, muuzaji akiwa nje ya nchi, na tangazo likiahidi dhamana ya siku 14. Lilisema pia kwamba mwalimu ataonyesha kwa vitendo namna ya kufuatilia umeme kwenye ubao kwa kutumia mita. Alipofungua masomo akakuta michoro na maelezo tu, mita yenyewe haionekani. Akaomba pesa yake. Akajibiwa kwamba ameshachukua kozi nzima, na kwamba muda umepita kwa siku moja.

Tuanze na hilo la kuchukua kozi nzima. Alikuwa ametazama masomo matatu, lakini mfumo wa muuzaji ulihesabu faili zilizopakuliwa. Sharti hili si la ajabu. Udemy, wanaotoa siku 30, wanaeleza wazi kwamba wanaweza kukataa kurudisha pesa iwapo sehemu kubwa ya kozi imetazamwa au kupakuliwa kabla ya maombi. Coursera hutoa siku 14 kwa kozi ya kulipia moja moja, lakini ukishapata cheti huna dai tena, hata kama siku hazijaisha. Kwa hiyo usiku wa kwanza pakua masomo mawili au matatu tu. Chagua yale ya katikati, maana utangulizi huwa mzuri kwenye kila kozi. Yaliyobaki yasubiri mpaka uamue kubaki nayo.

Ila kuna wauzaji wa aina ya pili, hasa wale wanaouza kozi zao wenyewe za biashara na masoko, ambao masharti yao yamegeuzwa kabisa. Hao hawakurudishii mpaka uonyeshe kwamba umemaliza masomo yote, umefanya mazoezi, na bado hukupata matokeo. Huku unakataliwa kwa kusoma sana, kule kwa kusoma kidogo. Neno "dhamana" kwenye tangazo halikuambii uko upande gani. Linalokuambia ni ukurasa wa masharti, kwa kawaida chini kabisa, palipoandikwa "Refund Policy". Usome kabla ya kulipa na uupige skrinshoti, kwa sababu ukurasa huo unaweza kubadilishwa baadaye.

Sasa hilo la siku. Binamu alilipa saa saba usiku, tarehe 6 Machi. Risiti iliandikwa tarehe 5, kwa sababu kwa saa za Greenwich ilikuwa bado saa nne usiku ya jana yake. Yeye akahesabu kuanzia 6 na kuomba tarehe 20. Kwa hesabu ya risiti, mwisho ulikuwa 19. Hesabu kwa tarehe ya risiti, kisha omba siku mbili kabla. Omba kwa kitufe kilichomo ndani ya akaunti yako, kama kipo. Ujumbe wa WhatsApp kwa mwalimu mara nyingi hauhesabiwi kuwa ombi, hata akikujibu kwa upole.

Tulipoandika tena, tuliacha kubishana kuhusu kupakua na tarehe. Tuliweka dai jipya: kilichouzwa si kilichoelezwa. Tuliambatanisha skrinshoti ya tangazo, tukataja majina ya masomo yaliyopaswa kuwa na mita, na dakika ambazo inaonekana michoro pekee. Hilo ni dai tofauti na kusema "sikuipenda", kwa sababu "sikuipenda" inaishi ndani ya siku 14, wakati bidhaa isiyolingana na maelezo inaweza kulalamikiwa hata kwa aliyekupa kadi. Kwa Visa, malalamiko ya namna hiyo kwa kawaida yana siku 120. Tulilitaja hilo kwa sentensi moja, bila vitisho. Kwenda kwa mtoa kadi ni hatua ya mwisho, maana muuzaji anaweza kukufungia akaunti pamoja na kozi zako nyingine.

Walikubali. Wakati huo binamu alikuwa anataka kuifuta kadi ya mtandaoni aliyolipia, nikamzuia. Pesa hurudi kwenye namba ileile ya kadi, na ikikuta imefutwa utaanza safari nyingine kwa mtandao wa simu uliokupa kadi hiyo. Iache hai, na uwape siku kumi za kazi. Shilingi zitakazoingia huenda zisilingane na ulizokatwa, kwa sababu dola inabadilishwa upya kwa bei ya siku hiyo.