Wifi Amenuna kwa Utani Wangu

*Wifi yangu wa Kibondo aliandika WhatsApp kwamba maharage yake yamenyeshewa uani. Nikajibu, "Basi mwaka huu tutakula mvua 😂." Tangu hapo kimya. Nifanyeje? – Mama B., Kasulu*

Mama B., ana kwa ana angesikia sauti yako akacheka. Kwenye maandishi aliona kicheko juu ya hasara, tena bila pole kutangulia. Usirekebishe kwa 🙏 peke yake; haisemi unaomba radhi kwa lipi.

Mrekodie sauti fupi, kwake binafsi: msalimie, mpe pole, utaje utani wenyewe na uombe radhi, kisha uulize yaliyopona ameyaanika wapi. Chini yake andika, "Pole wifi, nisikilize ukipata nafasi," maana huenda yuko kwenye watu. Akisikiliza na bado akanyamaza, mpigie.