Kutarjumu Kasida Kutoka Kwenye Picha

Kijana mmoja aliniletea picha ya ukurasa wa kasida ya Kiarabu aliyoipiga kwa simu, akitaka tuiimbe kwa Kiswahili. Kwanza tuliitazama picha yenyewe. Beti ya Kiarabu ina nusu mbili, sadri kulia na ajuzi kushoto, na kina hukaa mwisho wa ajuzi. Picha yake ilikatika upande wa kushoto, basi vina vyote havikuonekana! Akaenda kuipiga upya.

Beti moja maana yake ni hii: moyo usio na elimu ni kama nyumba isiyo na taa. Akaandika kwa mizani nane, kama utenzi:

Moyo usio elimu,
ni nyumba tupu, kuzimu.

Hesabu: mo-yo-u-si-o-e-li-mu, nane. Wa pili nao nane, na vina vimepatana. Lakini taa iko wapi? Kina cha "mu" kimeifukuza, kikaleta kuzimu ambako mshairi hakukutaja. Tukabadili:

Moyo usio elimu,
ni nyumba isiyo taa.

Mizani ni ile ile, maana imerudi, kina kimevunjika. Ila katika utenzi vipande vitatu vya mwanzo ndivyo hupatana. Cha nne hubeba kina kinachorudi kila ubeti. Basi "taa" tukaiweka ya nne. Vipande viwili vya kati tulivitunga wenyewe, tukavitia alama pembeni, mshairi asije akasingiziwa maneno yetu.