Mpenda Maua, Usiende Julai

Mdogo wangu mmoja wa Dar es Salaam ameniandikia. Kibaraza chake kimejaa makopo ya maua mpaka wageni wanapita kwa ubavu, ana likizo ya wiki moja, na amejibana mwaka mzima akaweka nauli. Anauliza: "Dada, kila ninayemwambia nataka kusafiri ananiambia nisubiri Julai, ndiyo msimu wa utalii. Mimi wanyama nitawaona siku nyingine. Nataka kuona maua. Niende wapi?"

Mdogo wangu, Julai waachie wanaofuata wanyama. Wakati huo nyasi ni fupi, maji yamepungua, na wanyama wanakusanyika penye visima, kwa hiyo wao wana haki ya kuusifia. Ua halifuati kalenda hiyo. Ukitaka safari ijengwe juu ya kitu kimoja unachokipenda, anza kwa kuuliza kitu hicho kinaishi wapi na kinajitokeza lini, halafu likizo yako ndiyo isogee. Watu wengi hufanya kinyume: wanaomba likizo kwanza, kisha wanatafuta pa kuipeleka.

Kwako wewe nasema Kitulo, na nasema Februari.

Kitulo ni uwanda wa juu wa majani ulioko kama mita 2,600 kutoka usawa wa bahari, katikati ya milima ya Kipengere, Uporoto na Livingstone, kusini mwa Mbeya na kuingia Makete. Wenyeji wanauita Bustani ya Mungu. Ulifanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 2005, hasa kwa ajili ya mimea yake, jambo ambalo ni nadra sana kwa hifadhi zetu. Tembo na simba usiwatarajie. Utakachokuta ni majani yaliyochanganyika na maua ya kila rangi, na miongoni mwake okidi za ardhini zaidi ya aina arobaini.

Sasa nikueleze kwa nini mwezi ni muhimu kuliko hata mahali. Okidi hizi hazikai juu ya miti kama zile zinazouzwa kwenye vyungu. Zinaota ardhini, na kila moja ina kiazi kidogo chini. Kiangazi kikifika, jani na shina hukauka kabisa, mmea unabaki kiazi tu udongoni. Ukipita Julai utakanyaga mamia ya okidi bila kuona hata moja, na juu ya hayo utapigwa na baridi na ukungu, maana Juni hadi Agosti ndiyo miezi ya baridi kali kule. Septemba hadi Novemba jua ni zuri na wapanda milima wanafurahi, lakini mpenda maua bado hajaanza kulipwa. Mvua za Novemba zikishika, viazi vinachipua. Kuanzia Desemba maua yanafunguka kwa zamu hadi Aprili, aina moja ikipisha nyingine. Februari nimeichagua kwa sababu iko katikati ya zamu hizo.

Bei ya kuchagua hivyo ni matope, nami sitakuficha. Njia ya kawaida ya kupanda inaanzia Chimala, mji ulio kando ya barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Mbeya. Pale unaiacha lami na kupanda ukuta wa mlima kwa barabara ya udongo yenye kona 57, hadi Matamba, ambako ndiko kwenye makao ya hifadhi. Kutoka Matamba bado kuna mwendo wa kupanda hadi uwandani kwenyewe. Mvua ikinyesha, udongo ule unateleza, na gari dogo linaweza kushindwa katikati ya kona. Kodi gari linalovuta kwa magurudumu yote manne, pamoja na dereva aliyezoea mlima ule. Hapa usibane matumizi. Ukifika Chimala asubuhi, usipande kabla ya kuongea na dereva aliyeshuka siku hiyohiyo. Tazama pia magari yanayoshuka: kama matope yamepanda hadi madirishani, kaa unywe chai, jua lifanye kazi yake kwa saa mbili tatu, ndipo uondoke. Na usipange kushuka jioni, kwani mvua za huko hupenda mchana na alasiri.

Wiki yako ningeigawa hivi. Siku ya kwanza ni ya kufika Mbeya, kwa basi au kwa ndege hadi Songwe. Ya pili unapanda Matamba, unalala kwenye nyumba ya wageni ya kawaida, na unatembea kidogo tu mjini ili kifua kizoee. Kwa mtu aliyetoka usawa wa bahari, hewa ya mita 2,600 inaweza kuleta pumzi fupi na kichwa kuuma, kwa hiyo tembea taratibu na kunywa maji hata kama huhisi kiu. Siku ya tatu, ya nne na ya tano ni za maua. Ya sita unashuka Mbeya, ya saba unarudi.

Utaniuliza kwa nini asubuhi tatu kwa uwanda mmoja. Kwa sababu moja kati ya hizo huenda ukungu ukaichukua yote, usione hata mita ishirini mbele. Aliyepanga siku moja anashuka na picha za ukungu. Mwenye siku tatu ana nafasi ya kusubiri, na siku nzuri ikija anaitumia yote. Toka mapema, maliza kutembea kabla ya saa saba au saa nane mchana.

Tembea na mwongozaji au askari wa hifadhi, na umwambie wazi kwamba umekuja kwa ajili ya mimea, ili asikukimbize kwenda kwenye maporomoko ya maji. Mwombe akupitishe sehemu tatu tofauti: bonde lenye unyevu, mteremko wa majani, na penye miamba. Kila sehemu ina maua yake. Kwenye unyevu utakuta yale marefu yenye kichwa cha rangi ya machungwa na nyekundu kama mwenge. Hayo ni ya jamii ya Kniphofia, na ndugu zake hupandwa kwenye bustani za watu duniani. Kwenye majani ndipo uiname utafute okidi.

Nasema uiname kwa sababu ukiwa umesimama utaona vijiti vya rangi tu. Piga goti karibu na ua moja na ulitazame kwa upande. Nyuma ya ua la okidi nyingi za pale kuna kijimkia chembamba, chenye uwazi ndani, ambamo asali ya ua hukaa. Mdudu au ndege anayeitaka lazima awe na ulimi au mdomo wa kuufikia mwisho wa kile kijimkia, na anapoufikia ndipo chavua inapomganda. Hesabu mikia hiyo. Ukikuta miwili, inayoning'inia sambamba, hiyo kwa kawaida ni jamii ya Satyrium. Ukikuta mmoja, uliotokea kwenye jani la ua lililojikunja juu kama kofia, huenda umeshika Disa. Kwa alama hiyo moja utaanza kutenganisha kile ambacho saa moja iliyopita kilikuwa "maua mazuri" tu. Piga picha nne kwa kila mmea: mbele, ubavuni ili mkia uonekane, majani ya chini, na mmea mzima pamoja na mkono wako ili ukubwa ujulikane. Picha ya mbele peke yake mara nyingi haitoshi kwa mtaalamu kukutajia jina.

Najua pia mkono utawasha, kwa hiyo niseme mapema: usichimbue hata kiazi kimoja. Viazi vya okidi hizi vimechimbwa kwa wingi nyanda za juu kusini na kupelekwa Zambia, ambako vinasagwa na kupikwa pamoja na karanga kuwa chakula kinachoitwa chikanda. Biashara hiyo ilikuwa mojawapo ya sababu za kuilinda Kitulo. Mmea mmoja huwa na kiazi cha mwaka huu na kingine kinachojazwa kwa ajili ya mwaka ujao, hivyo anayechimba anaondoa vyote viwili. Na hata ungekifikisha Dar es Salaam salama, kisingekaa. Okidi hizi zinaishi kwa kushirikiana na kuvu walioko kwenye udongo wa kule. Mbegu yake ni vumbi tu lisilo na akiba ya chakula, haioti bila kuvu huyo. Kopo lako la kibarazani halina kuvu huyo wala baridi ile.

Sasa labda maua yako ni yale ya ndani, yenye majani ya manyoya na kupenda kivuli. Hapo jibu langu linahama kabisa, mdogo wangu. Nenda Amani, Usambara Mashariki, unapanda kutokea Muheza. Ua dogo la zambarau linaloitwa Saintpaulia, ambalo watu wa Ulaya na Marekani hulipanga madirishani, asili yake ni milima ya huku kwetu. Lilipelekwa Ujerumani kutoka Tanga na kupewa jina la kisayansi mwaka 1893. Kule unaweza kuliona likiwa limeshika mwamba wenye unyevu chini ya miti mikubwa, na pana bustani ya miti iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1902. Ila usijaribu kubana Amani na Kitulo ndani ya wiki moja. Moja iko Tanga, nyingine upande wa Mbeya. Utaishia kuona viti vya basi.

Kama mwenzako wa safari hapendi maua, mpe siku ya sita. Mkitangulia kushuka mapema mnaweza kwenda Ziwa Ngosi, ziwa lililo ndani ya shimo la volkano, kwa kupanda kwa miguu kupitia msituni kutoka upande wa barabara ya Mbeya–Tukuyu. Lakini asubuhi zile tatu za uwandani zisiguswe.

Mzigo usiwe mkubwa: gambuti, koti la mvua la kweli, sweta mbili, mzula, soksi za kubadilisha kila siku, mafuta ya kujikinga na jua kwa sababu juu kule jua linachoma hata penye baridi, na kifuko cha simu kisichopitisha maji. Kiingilio cha hifadhi hakilipwi kwa pesa taslimu mlangoni, kwa hiyo ulizia namba ya malipo ungali Mbeya ambako mtandao ni mzuri. Noti ndogo weka kwa chakula na malazi ya Matamba.

Wiki moja kabla ya kuondoka, piga simu hifadhini uulize mambo mawili: barabara ya Chimala ikoje, na maua gani yamefunguka sasa. Wakikuambia mvua imechelewa na maua bado, sogeza likizo mbele wiki mbili kama mwajiri anakubali. Wakikuambia kona zimeharibika, uliza njia ya Isyonje, inayoachana na barabara ya Tukuyu na kuingilia upande wa shamba la mifugo la Kitulo. Nayo pia pata habari zake kabla hujalipa gari.