Kapsuli Tatu Zilizobaki: Maswali Manne ya Muuguzi Kabla ya Dawa

Katika somo hili tutaangalia jambo moja linalotusumbua vijijini. Tukifika zahanati tukiwa wagonjwa, sista anaanza kutuuliza maswali mengi kabla hajatupa dawa. Wengine wetu hukasirika na kusema, "Si anipe tu dawa niende, safari ni mbali." Leo tutaona maswali hayo yanatoka wapi.

Wanafunzi wa uuguzi, kwa mfano katika chuo cha KMTC chenye matawi Kitui na Makueni, husoma somo la famakolojia, yaani elimu ya dawa. Wakifika kwenye antibiotiki, zile dawa za kuua bakteria, hufundishwa kuangalia mambo manne: je, mgonjwa ana mzio? Je, kipimo kimechukuliwa kabla ya dawa? Je, dawa inamezwa saa ngapi? Na je, mgonjwa ataimeza siku zote alizoandikiwa? Kikundi kikiyajua haya manne, kazi ya muuguzi inakuwa nyepesi na mgonjwa anapona.

Tuchukue mfano. Mama mmoja wa mwethya ameamka Jumatatu akiwa na homa. Mkojo unamchoma, na kiuno kinamuuma upande mmoja. Kabatini kuna kapsuli tatu za amoksilini zilizobaki wakati mumewe alipoumwa na jino. Jirani anamwambia, "Meza hizo, ni kali." Mama anazitia mfukoni, lakini anaamua kwenda hospitali kwanza. Tuone uamuzi huo ulimwokoa na nini.

Swali la kwanza: Mzio

Muuguzi anamwuliza, "Mama, kuna dawa iliyowahi kukudhuru?" Anajibu kwamba zamani alidungwa sindano ya penisilini, na kabla ya saa moja kuisha midomo ikavimba, vipele vya kuwasha vikamtoka mwili mzima na pumzi ikambana.

Huo ni mzio wa kweli, au aleji kama wengi wanavyosema. Mama hakujua kwamba amoksilini ni mtoto wa ukoo wa penisilini. Ampisilini na ogmentini nao ni wa ukoo huohuo. Majina ni tofauti, lakini mwili unaitambua familia. Kapsuli moja tu ya zile tatu ingeweza kumfunga koo akiwa nyumbani, mbali na sindano ya adrenalini ambayo ndiyo dawa ya kwanza ya hatari hiyo.

Lakini muuguzi hatosheki na neno "aleji" peke yake. Anauliza mambo matatu: dawa iliitwaje, ni nini hasa kilitokea, na kilitokea baada ya muda gani. Sababu ni kwamba watu wengi huita aleji kitu ambacho si aleji. Kuharisha kidogo au kichefuchefu ni usumbufu wa kawaida wa dawa. Mtu akiandikiwa mzio wa bure, atanyimwa penisilini maisha yake yote na kupewa dawa za bei ghali zaidi, wakati mwingine zisizofaa vizuri kama ile. Kwa hiyo semeni ukweli wote, msiongeze wala msipunguze. Na aliye na mzio wa kweli, jina la dawa liandikwe kwenye daftari lake la kliniki, tena kwenye jalada kwa nje.

Swali la pili: Kipimo kabla ya dawa

Daktari anaona dalili hizi ni za figo, naye anataka mkojo uoteshwe maabara. Kuotesha ni hivi: tone la mkojo hupakwa juu ya chakula cha bakteria kilichoganda kama jeli, kisha huwekwa mahali penye joto kama la mwili. Kesho yake bakteria wakiwamo huonekana kama vidoa. Halafu mtaalamu huwaotesha tena na kuweka juu yao vijikaratasi vidogo vyenye dawa mbalimbali. Pale ambapo dawa ina nguvu, bakteria hawaoti, panabaki duara tupu. Pale ambapo bakteria ni sugu, wanaota mpaka ukingoni mwa kijikaratasi. Ndiyo maana majibu huchukua siku mbili au tatu. Si uvivu wa maabara, ni mbegu inangojewa iote.

Sasa fikirini, kama mama angemeza zile kapsuli asubuhi, dawa ingeingia kwenye mkojo na kuwadhoofisha baadhi ya bakteria. Maabara ingeweza kuandika "hakuna kilichoota", na huku mama bado anaumwa. Kwa hiyo muuguzi huuliza, "Umemeza dawa yoyote?" Ukiwa umemeza, sema tu. Hakuna atakayekuchapa. Akijua, atajua jinsi ya kuyasoma majibu.

Namna ya kutoa mkojo pia ni kazi. Nawa mikono, kisha nawa sehemu za siri kwa maji safi. Mkojo wa kwanza uache uende chooni. Wa katikati ukinge kwa kikopo ulichopewa maabara, bila kugusa ndani yake. Wa mwisho nao uende chooni. Usilete mkojo kwenye chupa ya soda au mkebe wa nyumbani, hata kama umeoshwa, kwa sababu una bakteria wake wenyewe. Na usichelewe. Kikopo kifike maabara ndani ya masaa 2, la sivyo kikae kwenye friji, lakini kisipite masaa 24. Katika joto letu, bakteria wachache walioachwa juani huzaana wakawa wengi, na majibu yakadanganya.

Hapa kuna jambo la kukumbuka. Mgonjwa aliye hatarini hangoji majibu. Mtoto mwenye degedege au asiyeweza kunyonya, au mtu mzima mwenye homa aliyechanganyikiwa na kupumua haraka, muuguzi hufundishwa kwamba damu ichukuliwe upesi na dawa ianze ndani ya saa moja. Ikiwa kuchukua damu kutachelewesha, dawa itangulie.

Swali la tatu: Saa ya kumeza

Huyu mama hana mimba, hilo nalo aliulizwa. Baada ya kutoa mkojo anaandikiwa siprofloksasini ya miligramu 500, ambayo si ya ukoo wa penisilini. Kwenye bahasha pameandikwa "1x2, siku 7". Maana yake ni kidonge 1, mara 2 kwa siku. Jumla ni vidonge 14.

Mara mbili kwa siku ni kila baada ya masaa 12. Mama amemeza cha kwanza palepale hospitalini saa 5 asubuhi, basi cha pili ni saa 5 usiku. Na pale bahasha inaposema "1x3", maana yake ni kila masaa 8: saa 12 asubuhi, saa 8 mchana, saa 4 usiku. Wengi wetu humeza saa 1 asubuhi, saa 7 mchana na saa 12 jioni, tukidhani tumetimiza. Hebu hesabuni: kutoka saa 12 jioni mpaka saa 1 asubuhi ni masaa 13. Dawa kama amoksilini hutoka mwilini haraka. Usiku ule mrefu inakwisha kwenye damu, na bakteria waliokuwa wamelegea wanapata nafasi ya kuinuka tena.

Kila dawa ina mwendo wake. Mtoto mwenye nimonia akipewa amoksilini ya kuyeyusha kwenye maji, huandikiwa mara 2 kwa siku, siku 5, ilhali mtu mzima anaweza kuandikiwa dawa hiyohiyo mara 3. Msiige bahasha ya mwenzenu.

Muuguzi akamwonya mama pia asimeze siprofloksasini na maziwa, mtindi wala vidonge vya kuongeza damu. Vitu hivi hushikana na dawa tumboni ikashindwa kuingia mwilini. Ameze kwa maji, na vidonge vya damu avitumie masaa 2 baada ya dawa. Akisahau kidonge, akimeze akikumbuka, ila kama saa ya kinachofuata imekaribia, aruke. Asimeze viwili kwa pamoja.

Swali la nne: Kutimiza siku

Alhamisi saa 6 mchana mama anarudi kuchukua majibu. Homa imeshuka. Majibu yanasema bakteria wake ni sugu kwa amoksilini, lakini siprofloksasini inawaua. Kwa hiyo hata kama asingekuwa na mzio, zile kapsuli tatu zisingemponya. Zingeua bakteria walio dhaifu tumboni mwake na kuwaachia shamba wale sugu.

Muuguzi anahesabu vidonge. Jumatatu alimeza 2, Jumanne 2, Jumatano 2, na leo asubuhi 1. Hivyo ni 7, na bahashani vimebaki 7. Sawa kabisa. Vingebaki 9, muuguzi angejua amekosa viwili, naye angeuliza kwa upole: ulisahau, kilikutapisha, au ulimgawia mtu? Cha mwisho atakimeza Jumapili saa 5 usiku, na hakuna kitakachobaki cha kuwekwa kabatini.

Zamani tulifundishwa kwamba siku nyingi ndizo bora. Siku hizi imejulikana kwamba magonjwa mengi hupona kwa siku chache, na kuongeza siku bila sababu huzidisha usugu. Kwa hiyo usiache mapema ati umepata nafuu, wala usiongeze siku zako. Timiza zilizoandikwa. Dawa ikikuletea vipele, uvimbe wa midomo au pumzi kubana, acha mara moja ukimbilie hospitali. Kama siku ya tatu imefika na homa haijashuka, rudi, usingoje bahasha iishe.

Na zile kapsuli tatu? Mama alizitoa mfukoni akamwachia muuguzi ili ziharibiwe.

Maswali ya kujadiliana kikundini

1. Katika nyumba zetu kuna dawa gani zilizobaki, na zilibaki kwa nini? Zileteni mkutano ujao, tuzipeleke zahanati pamoja.

2. Bahasha imeandikwa "1x3, siku 5". Ni vidonge vingapi kwa jumla, na mtu asiye na saa atajuaje saa 4 usiku imefika?

3. Ni nani kati yetu ana mzio wa dawa? Je, anajua jina la dawa hiyo, na limeandikwa kwenye daftari lake?