Dakika Tano Mbele ya Wafanyakazi, Mwezi Ukiwa Mgumu

Wafanyakazi wa bekari hujua mwezi umeharibika kabla mwenye bekari hajafungua mdomo. Wao ndio wanaoshusha unga, na wameona lori limeleta mifuko pungufu. Wao ndio wanaopanga mikate kwenye kreti, na wameona kreti tupu zikirundikana ukutani. Asipowaambia kitu, wataambiana wenyewe, na habari ya jikoni kwa kawaida huanza na neno moja: tunafungwa.

Mimi hutunza vitabu vya hesabu vya biashara ndogo, na katika kazi hiyo nimekaa kwenye kona ya vikao vingi vya namna hii. Vingi haviendi popote. Bosi anaanza na hali ya uchumi, anapita kwenye vita vya nchi za mbali, anasema sisi sote ni familia moja, kisha anamalizia kwa kuwataka watu wajitume. Watu wanapiga makofi na kurudi kazini bila kujua kesho wafanye nini tofauti na jana. Kimoja kilichokwenda vizuri kilikuwa cha mama mmoja mwenye bekari mjini Morogoro, na ndicho nitakachokifuata hapa hatua kwa hatua.

Bekari yake ina watu 14, wakiwemo waokaji wa usiku na madereva wa kirikuu wanaosambaza mikate madukani alfajiri. Kwa siku ya kawaida huuza mikate 1,100, na takribani 400 kati ya hiyo huenda shule za bweni. Juni shule zikafungwa, kama kila mwaka. Safari hii, hata hivyo, unga wa ngano ulikuwa umepanda kutoka shilingi 72,000 hadi 80,000 kwa mfuko wa kilo 50. Ngano tunayotumia Tanzania kwa sehemu kubwa hutoka nje, kwa hiyo bei yake haingoji mavuno ya hapa. Mfuko mmoja humpa mikate kama 120. Ongezeko la shilingi 8,000 ni karibu shilingi 67 kwa kila mkate, na mangi hakubali kupandishiwa bei katikati ya mwezi.

Kabla ya kuandika hata neno moja la hotuba tulikaa na kalamu. Mkate mmoja aliuza shilingi 1,300 kwa jumla, na kuutengeneza hadi kuufikisha dukani kulikula 1,000. Mikate 700 kwa siku, siku 26, ingemwachia shilingi milioni 5.46. Mishahara na michango yake ya kisheria, kodi ya pango, umeme, maji na rejesho la mkopo vilihitaji milioni 7.6. Juu ya pengo hilo kulikuwa na mikate 40 iliyorudi kila siku haijauzwa, ambayo kwa mwezi ni hasara ya milioni moja na kidogo. Jumla, upungufu ulikuwa kama milioni 3.2.

Mtu akisimama mbele ya wafanyakazi akiwa na tarakimu hiyo peke yake, anawatisha tu. Kwa hiyo mama alikwenda kwanza kwa aliyemkopesha, akaomba rejesho la Juni, milioni 1.5, lisogezwe mwisho wa mkopo. Likakubaliwa kwa maandishi. Kisha akatenga akiba yake mwenyewe, milioni moja na elfu hamsini. Zikabaki laki sita na nusu, na hizo ndizo alizokwenda kuwaomba watu wake. Mpangilio huu ndio moyo wa jambo lenyewe: mwenye mali anatangulia kuweka chake, halafu anaomba kiasi ambacho mikono ya wafanyakazi inaweza kukifikia.

Kuna milango ambayo hotuba haiwezi kuifungua. Chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, mwajiri hawezi kukata mshahara kwa tangazo. Makato ambayo hayakuamriwa na sheria kwa kawaida yanahitaji ridhaa ya mfanyakazi kwa maandishi. Kama mpango ni kupunguza watu, sheria hiyo hiyo inataka taarifa itolewe na majadiliano yafanyike kabla ya uamuzi, kwa hiyo usiyadokeze hayo kwa mafumbo katikati ya kikao cha chai. Usiguse pia fedha za NSSF ukidhani utazirudisha baadaye. Sehemu ya michango hiyo imekatwa kwenye mshahara wa mfanyakazi; si yako hata kwa siku moja.

Muda nao ulitaka kufikiriwa. Waokaji humaliza saa 11 alfajiri, na madereva hurudi saa 4 asubuhi. Kuzungumza alfajiri kungechelewesha mikate. Kuzungumza mara mbili kungezaa matoleo mawili ya habari moja. Akachagua Jumamosi ya kwanza ya Juni, saa 4, akawaomba waokaji wabaki, na saa zile za ziada akawalipa. Chai ilikuwapo. Hakuchagua siku ya mshahara, maana siku hiyo mtu akiitwa kikao huja akiwa ameshika roho mkononi.

Alisema hivi, akisoma kwenye karatasi moja:

"Ndugu zangu, nianze na mshahara. Mshahara wa Juni utalipwa tarehe 30, wote, kwa kila mtu, na michango yenu ya NSSF itapelekwa. Hakuna anayepunguzwa mwezi huu.

Sasa hali yenyewe. Shule zimefungwa, kwa hiyo tunauza mikate 700 badala ya 1,100. Unga umepanda shilingi elfu nane kwa mfuko. Tukienda hivi hivi, Juni tutapungukiwa milioni tatu na laki mbili. Rejesho la mkopo nimeomba lisogezwe, nimekubaliwa. Milioni moja na kidogo naitoa mimi. Bado laki sita na nusu, na hapo ndipo nawahitaji.

Kila siku mikate 40 inarudi. Kila unaorudi umetula shilingi elfu moja. Naomba tuishushe hadi 15. Madereva, acheni dukani kile ambacho mangi aliuza jana, siyo anachokisia leo. Waokaji, oda zikifungwa saa 8 mchana, tuoke hesabu ile ile, tusiongeze kidogo kwa ajili ya bahati. La pili: wenye likizo ambayo hawajaichukua, wawili waichukue sasa, kwa malipo yao kamili, ili shule zikifunguliwa tuwe wote.

Tarehe 28 nitawaambia tulipofika, iwe vizuri au vibaya. Ulizeni."

Ukiisoma kwa mwendo wa kawaida haifiki dakika mbili. Dakika zilizobaki ni za maswali, na ni muhimu zibaki.

Mshahara ulitangulia kwa sababu mtu ambaye hajui kama atalipwa hasikii kingine. Atakaa anapiga hesabu ya kodi ya chumba huku wewe unaeleza bei ya ngano. Kama huna hakika ya kulipa wote kwa tarehe, sema hivyo hivyo mwanzoni na utaje tarehe nyingine unayoweza kuisimamia, kisha uzungumze na watu mmoja mmoja na mwandikiane. Sababu zilikuwa mbili tu, zote zikionekana kwa macho pale bekarini. Angeongeza ya tatu na ya nne, zingeanza kunuka visingizio.

Ombi la likizo linahitaji maelezo, kwani wenye biashara wengi hulikosea. Likizo ya mwaka ni ya malipo, kwa hiyo kumpeleka mtu likizo mwezi mgumu hakuokoi fedha za mwezi huo. Faida yake huja Julai na Agosti, oda za shule zinaporudi: usipokuwa na watu walio likizo wakati huo, hulazimiki kuchukua vibarua wala kulipa saa nyingi za ziada. Mama alilijua hilo, ndiyo maana hakulihesabu ndani ya zile laki sita na nusu.

Kikafuata kimya kifupi, halafu dereva mmoja akauliza swali ambalo hakuna aliyelitarajia. "Mama, sisi posho yetu inahesabiwa kwa mkate tunaoshusha, siyo unaouzwa. Nikishusha pungufu, naumia mimi."

Alisema kweli. Kila dereva alilipwa shilingi 20 kwa mkate anaouacha dukani, uuzwe au urudi. Kwa maneno mengine, bekari ilikuwa inawalipa madereva wajaze maduka kupita kiasi, na mikate 40 ya kila siku haikuwa uzembe wa mtu. Katika vikao hivi, swali la namna hii lina thamani kuliko hotuba nzima, na bosi anayejitetea hapo hulizika. Mama hakujitetea, wala hakuamua papo kwa papo. Alimshukuru, akawaita madereva Jumatatu. Walikubaliana shilingi 25 kwa mkate uliouzwa, na kwa kuwa hayo ni mabadiliko ya malipo, kila mmoja alipewa karatasi ya makubaliano akatia sahihi.

Mwingine akauliza: "Na Julai je?" Akajibu kwamba Julai hawezi kuiahidi mpaka aone oda za shule, na kwamba atakachokijua tarehe 28 nao watakijua siku hiyo hiyo. Jibu hilo halikumfurahisha mtu. Lakini hakuna aliyeguna.

Utajuaje kama umeeleweka? Usipime kwa makofi. Angalia siku mbili tatu zinazofuata. Watu wakianza kupanga foleni kuomba advansi, hawajaamini habari ya mshahara. Rudi kwao mapema, na ikiwezekana waonyeshe barua ya mkopo iliyosogezwa. Fundi wako mzuri akiomba barua ya utambulisho au hati za mishahara za miezi ya nyuma, huenda anatafuta kwingine, naye anastahili mazungumzo ya faragha. Kukiwa na maswali madogo madogo ya kazi, kama vile oda ya duka fulani ni ngapi leo, ujue ombi limeshika.

Pale Morogoro ubao uliwekwa karibu na mlango wa kupakilia, ukiandikwa kila siku saa 4 idadi ya mikate iliyorudi. Wiki ya kwanza haikubadilika sana. Baada ya posho kubadilishwa ikaanza kushuka, na kufikia wiki ya tatu ilikuwa 18 kwa siku. Lengo la 15 halikufikiwa.

Tarehe 28 mama alisimama tena kama alivyoahidi, akasoma hesabu: walichookoa hakikufika laki sita na nusu, na kilichopungua kilitoka kwenye madeni ya maduka aliyoyakusanya. Mishahara ililipwa tarehe 30. Ukiandaa hotuba yako, isome kwa sauti ukitazama saa. Ikizidi dakika tatu, punguza sababu na uache tarehe, tarakimu na maombi yabaki.